Figo na Shinikizo la Damu: Nani Kamwanza Mwenzake?

Watu wengi mjini Dar es Salaam wanafahamu kwamba shinikizo la damu, au presha kama liitwavyo mitaani, huweza kumwangusha mtu kwa kiharusi au kuuchosha moyo wake. Ni wachache wanaofahamu kwamba ugonjwa huo huo huzila figo polepole, bila kelele. Na ni wachache zaidi wanaofahamu upande wa pili wa habari hii, yaani kwamba figo zenyewe, zikisha kuumia, hulipandisha shinikizo la damu lililoziumiza. Magonjwa haya mawili ni kama chanda na pete. Kila moja ni chanzo cha mwenzake, na kila moja ni tokeo la mwenzake.

Habari hii inawagusa sana wakazi wa katikati ya jiji. Katika miaka ya 1990 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo la Ilala, wakawapima shinikizo la damu watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2000. Zaidi ya theluthi moja ya watu wazima walikuwa na shinikizo la 140 kwa 90 au zaidi, wanaume kwa wanawake. Lakini jambo la kutisha zaidi halikuwa hilo. Katika kila watu watano waliokutwa na tatizo hilo, pungufu kidogo ya mmoja ndiye aliyekuwa akijua kwamba analo. Mmoja tu katika kila kumi alikuwa akitumia dawa, na hakufika hata mmoja katika kila mia ambaye shinikizo lake lilikuwa limetulizwa ipasavyo. Waliobaki walikuwa wakienda kazini, wakilea watoto na kucheka na majirani, ilhali figo zao zikipigwa kila siku.

KIFUMBU KINAPOKAMULIWA KUPITA KIASI

Ili kuelewa jambo hili, tukumbuke kwanza kazi ya figo. Kwa kawaida mtu huzaliwa na figo mbili, na ndani ya kila figo mna machujio madogo sana yapatayo milioni moja. Kila chujio ni fundo la vimishipa vyembamba. Damu huingia kwa msukumo, maji na takataka hupenya kwenye kuta za vimishipa hivyo na hatimaye kuwa mkojo, na vitu vya thamani, hasa chembe za damu na protini, hubaki ndani.

Mama anayekamua nazi kwa kifumbu anaijua kazi hii. Tui hupita, chicha hubaki. Akikamua kwa nguvu ya kawaida, kifumbu hudumu muda mrefu. Akikamua kwa nguvu kupita kiasi, tena kila siku, ukindu huachana, na chicha huanza kupenya na kuingia katika tui.

Hivyo ndivyo shinikizo la damu linavyoyafanyia machujio ya figo. Kwa miaka ya kwanza, mishipa midogo inayopeleka damu kwenye machujio hujikinga kwa kunenepesha kuta zake. Kuta zikinenepa, njia ya damu hupungua. Machujio yaliyo mbele hukosa damu, hunyauka, na kugeuka kovu. Katika machujio mengine msukumo huingia moja kwa moja, kuta zake hulegea, na protini iliyopasa kubaki katika damu huvujia kwenye mkojo.

Protini hiyo ndiyo chicha katika tui, nayo ni dalili kongwe katika historia ya maradhi haya. Daktari Richard Bright wa London, ambaye maandishi yake ya kwanza juu ya figo yalitoka mwaka 1827, alikuwa akiuchemsha mkojo wa wagonjwa ndani ya kijiko juu ya mshumaa. Mkojo wenye protini uliganda kama ute wa yai. Wagonjwa hao walipokufa alikuta figo zao zimeharibika, na baadaye akaandika kwamba wengi wao walikuwa na mioyo iliyotanuka na kunenepa. Hakuwa na chombo cha kupimia shinikizo la damu, kwa sababu kilikuwa hakijabuniwa, lakini alikuwa tayari ameona kwamba figo na moyo huumia pamoja.

FIGO INAPODANGANYIKA

Sasa tuutazame upande wa pili. Figo hulipandisha shinikizo la damu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni chumvi. Figo nzima huitoa chumvi iliyozidi mwilini kwa njia ya mkojo. Figo iliyopoteza machujio mengi hushindwa kuitoa yote. Chumvi hubaki na huyashika maji, maji huongeza wingi wa damu, na damu nyingi katika mishipa ile ile hupandisha msukumo.

Njia ya pili ni ya ajabu zaidi. Chukulia nyumba ya ghorofa pale Mtaa wa Kongo, ambapo bomba la mpangaji wa juu limeingia kutu na kuziba. Maji yakimfikia matone matone, hajui kwamba ubovu uko kwenye bomba lake mwenyewe. Hudhani pampu ya nyumba nzima imelegea, akapiga kelele iongezwe nguvu. Pampu ikiongezwa, yeye hapati nafuu kubwa, lakini mabomba ya wapangaji wengine hupasuka. Figo nayo hufanya vivyo hivyo. Mshipa wake ukiwa mwembamba, hupokea damu kidogo na kudhani kwamba shinikizo la mwili mzima limeshuka. Basi hutoa kitu kiitwacho renini, ambacho huanzisha mfululizo wa mabadiliko katika damu. Mwisho wake mishipa ya mwili mzima hujibana, na chumvi huzuiwa isitoke.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 1934 daktari Harry Goldblatt wa Cleveland, Marekani, alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa mbwa. Aliibana kwa kibano mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye figo zote mbili, bila kuiziba kabisa. Shinikizo la damu la mbwa hao, waliokuwa wazima, lilipanda na kubaki juu. Hapo ikadhihirika kwamba figo iliyonyimwa damu yaweza kuupandishia mwili mzima shinikizo.

Ndipo duara linapojifunga. Shinikizo huharibu mishipa ya figo. Figo yenye mishipa mibovu hupandisha shinikizo. Shinikizo jipya huharibu mishipa zaidi. Machujio yanayosalia hulazimika kufanya kazi ya yale yaliyokufa, hivyo nayo huchoka na kufa kabla ya wakati wake. Duara hili likisha kuanza huweza kuzunguka lenyewe, hata kama kilichulianzisha kimeondoka zamani.

MCHUKUZI WA SOKONI

Tumtazame mtu wa mfano, wa aina ambayo zahanati za mjini huipokea mara kwa mara. Ni mwanamume wa miaka 46, mchukuzi wa mizigo karibu na soko la Kariakoo. Ana mke na watoto wanne. Hasikii maumivu yoyote isipokuwa mgongo, na mgongo kwake ni sehemu ya kazi. Kwa miaka mitatu amekuwa akinunua vidonge vya diklofenaki katika duka la dawa na kuvimeza karibu kila siku. Chakula chake cha mchana ni ugali kwa papa mkavu au ng'onda, pamoja na achari. Usiku huamka mara mbili kwenda haja ndogo, naye hudhani ni kwa sababu ya maji anayokunywa jioni.

Siku moja anamsindikiza mkewe zahanati, na muuguzi anaamua kumpima naye.

"Dada, mimi siumwi," anasema. "Presha ni ya watu wanene na wenye mawazo."

"Kaka yangu, presha haibishi hodi," muuguzi anamjibu. "Kaa kwanza upumzike."

Muuguzi anafanya kama inavyotakiwa. Anamketisha dakika tano kimya, mgongo umeegemea kiti, miguu chini, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Anachagua mkanda mpana, kwa kuwa mkono wa mchukuzi umejaa misuli, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha shinikizo kubwa kuliko lilivyo. Anapata 176 kwa 108. Anangoja kidogo, anarudia, anapata 172 kwa 106. Mchukuzi anaambiwa arudi baada ya wiki moja, maana mtu aliyetoka kubeba mzigo au mwenye hofu huweza kupanda kwa muda tu. Wiki inayofuata anapimwa tena, na kipimo ni 170 kwa 104. Sasa hakuna shaka tena.

Mahali pengi habari huishia hapo. Mgonjwa huandikiwa vidonge na kwenda zake. Lakini mganga wa zahanati hii anaagiza vipimo viwili zaidi, na hivyo ndivyo vinavyofunua mambo. Kipimo cha kwanza ni kijiti cha kuchovya katika mkojo: kinaonyesha protini ya alama mbili, bila damu. Cha pili ni kipimo cha damu cha kreatinini, yaani takataka ya misuli ambayo figo nzima huiondoa. Majibu ni maikromoli 150 kwa lita. Tarakimu hiyo pekee haitoshi, kwani mtu mwenye misuli mingi huwa na kreatinini nyingi kidogo; kwa hiyo hukokotolewa pamoja na umri na jinsia ili kukadiria uwezo wa figo. Kwa mwanamume wa miaka 46 hesabu hiyo inatoa takriban mililita 50 kwa dakika, ambapo kijana mwenye afya huwa na 100 hivi. Mchukuzi wetu, ambaye "haumwi", amebakiwa na karibu nusu ya kazi ya figo zake. Kule kuamka usiku nako huenda kusiwe kwa sababu ya maji ya jioni, maana figo iliyochoka hushindwa kuukoleza mkojo, hivyo huutoa mwingi na mwepesi hata wakati wa kulala.

NANI ALIANZA?

Mgonjwa akifikishwa hospitali kubwa, swali la daktari ni hili: je, shinikizo ndilo lililoziharibu figo, au figo zilizoharibika kwa sababu nyingine ndizo zilizopandisha shinikizo? Jibu lina maana kubwa, kwa sababu baadhi ya magonjwa ya figo yana tiba yake, na mtu akipewa dawa za shinikizo peke yake atakuwa anafuta maji sakafuni huku bomba linavuja.

Hushukiwa kwamba figo zilianza ikiwa mgonjwa ni kijana wa chini ya miaka 30, ikiwa mkojo una damu au protini nyingi sana, ikiwa uso huvimba asubuhi, au ikiwa shinikizo limeruka ghafla na halishuki kwa dawa tatu. Hapa pwani daktari huuliza pia habari za kichocho, kwa kuwa kichocho cha mkojo cha muda mrefu huweza kuacha makovu yanayoziba njia ya mkojo, na mkojo uliozuiwa huziharibu figo kwa nyuma.

Kwa upande mwingine, hushukiwa kwamba shinikizo lilianza ikiwa kuna alama za miaka mingi: kuta za moyo zimenenepa, mishipa ya nyuma ya jicho imekuwa myembamba, figo zote mbili zimesinyaa kidogo kwa usawa, na protini katika mkojo si nyingi sana.

Mchukuzi wetu anazo alama hizi za pili. Daktari anahitimisha kwamba huenda shinikizo lilitangulia kwa miaka mingi bila kupimwa, na kwamba diklofenaki ikaongeza ubaya. Lakini anasema "huenda", na ni haki yake. Figo zikisha kusinyaa sana, hata kipande kikikatwa na kutazamwa kwa hadubini, mara nyingi huonekana kovu tu, na kovu halisemi nani aliyepiga. Kwa sababu hiyo wapo wagonjwa wengi walioandikiwa kwamba figo zao zimeharibiwa na presha, kumbe pengine ni figo ndizo zilizoanza. Anayepimwa mapema ndiye anayeweza kupata jibu la hakika.

KIDONGE CHA MGONGO

Tusikipite hivi hivi kile kidonge cha mgongo, maana mjini kinatumika sana. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao huondoa maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini. Kwa bahati mbaya, kemikali hizo ndizo ambazo figo iliyopungukiwa na damu huzitegemea ili kuiweka wazi mishipa yake. Zikizuiwa, mishipa ya figo hujibana, chumvi hubaki mwilini, shinikizo hupanda, na dawa za shinikizo hupungua nguvu. Mtu mwenye figo nzima akimeza vidonge hivi siku mbili tatu hapati madhara makubwa kwa kawaida. Mwenye shinikizo au figo mbovu akivimeza kila siku anaufyeka mguu aliosimamia. Kwake yeye parasetamo kwa kipimo kilichoandikwa ni salama zaidi.

DAWA INAYOTISHA MWANZONI

Mchukuzi anaacha diklofenaki. Anaelezwa kwamba chumvi yote ya siku, pamoja na ile iliyomo ndani ya papa, ng'onda na achari, isizidi kijiko kimoja cha chai. Mkewe anaanza kununua samaki wabichi, na papa anapopikwa mara moja moja hulowekwa na maji yake kumwagwa. Kisha anapewa dawa mbili: amlodipini, ambayo hulegeza mishipa, na enalaprili, ambayo huukata ule mfululizo unaoanzishwa na renini. Enalaprili, pamoja na losatani inayofanya kazi inayokaribiana nayo, hupunguza pia msukumo ndani ya chujio lenyewe, na hivyo huzuia protini isivuje. Wajawazito hawaruhusiwi kutumia dawa hizi mbili, kwani humdhuru mtoto tumboni.

Baada ya wiki mbili anapimwa damu tena, na kreatinini imepanda kutoka 150 hadi 165. Hapa ndipo wengi hupotea njia. Mgonjwa husema, "Dawa inaniua figo," akaitupa. Wakati mwingine hata mganga huiacha kwa hofu. Lakini kupanda huko ni kwa asilimia 10 tu, nako kulitarajiwa. Chujio lililokuwa likisukumwa kupita kiasi limepunguziwa msukumo, kwa hiyo kwa muda huchuja kidogo zaidi, lakini litaishi zaidi. Kinachotakiwa ni kuhakikisha kwamba kreatinini haikuzidi asilimia 30 juu ya kipimo cha kwanza, yaani 195 kwa mgonjwa huyu, na kwamba potasiamu katika damu haikupanda, kwa sababu potasiamu nyingi huweza kuusimamisha moyo. Mchukuzi anaambiwa pia kwamba akiharisha au kutapika sana arudi zahanati siku ile ile, kwani mwili uliokaukiwa na maji huenda ukahitaji enalaprili isimamishwe kwa muda.

Baada ya miezi mitatu shinikizo lake ni 134 kwa 82, na daktari anataka lishuke kidogo zaidi, chini ya 130 kwa 80. Protini katika mkojo imepungua kutoka alama mbili hadi moja. Kreatinini ni 160. Kwa kuwa dosari ya figo imeonekana tena baada ya miezi mitatu, sasa inathibitishwa kuwa ni ugonjwa wa kudumu. Figo zake hazikurudi kuwa mpya, wala hazitarudi, kwa sababu chujio lililogeuka kovu halichipui tena. Alichokipata ni mwendo wa pole: nusu iliyobaki yaweza kumtosha kwa miaka mingi ya kazi.

Asingepimwa, njia ingekuwa nyingine. Mtu huweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo bila kusikia lolote. Povu la mkojo lisiloisha, miguu kuvimba, kichefuchefu, kuwashwa mwili na kukosa pumzi huja mwishoni. Hapo hubaki mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne hivi kila mara, au kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza Novemba 2017. Kabla ya hapo wagonjwa walikuwa wakipelekwa India. Ni hatua kubwa, lakini mchukuzi anayekaa kwenye mashine siku tatu kwa wiki habebi mizigo siku hizo, na watoto wanne wanasubiri nyumbani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe huonekana kwa kijiti cha mkojo na tone la damu. Kwa hiyo kila aliyekwisha kuambiwa kwamba ana presha, na ambaye mkojo wake haujapimwa protini wala damu yake kreatinini, alitaje jambo hilo kwa mganga wake siku atakayokwenda kuchukua dawa. Na arudie vipimo hivyo angalau mara moja kila mwaka, hata kama anajisikia mzima.